Kuondoa tarehe ya rangi ya chungwa kwenye kona ya picha ya zamani ya familia: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Hii tarehe iliingiaje kwenye picha?

Kamera nyingi za filamu za miaka ya 1980 na 1990 zilikuwa na saa ndogo ya betri kwenye kifuniko cha nyuma. Ulipobonyeza kitufe cha kupiga picha, taa ndogo iliyofungiwa humo iliwaka kwa muda mfupi sana na kuzichoma tarakimu moja kwa moja kwenye filamu. Kwa kawaida mwanga huo ulitokea mgongoni mwa filamu, na ndani ya filamu ya rangi tabaka lililo karibu zaidi na mgongo ni lile linalohisi wekundu. Lilipigwa kabla ya mengine na kwa nguvu zaidi. Ndiyo maana tarehe hizi karibu zote ni za chungwa au nyekundu.

Jambo hilo linafaa kushikwa mapema, kwa sababu linatueleza uharibifu umekaa wapi. Wekundu wa eneo lile umeharibika sana, ukijani umeharibika kiasi, na mara nyingi ubuluu umebaki karibu mzima. Kazi yote inayofuata inategemea tofauti hiyo.

Nikitafuta negativu na kuiskani, si nitapata picha isiyo na tarehe?

Hapana. Tarehe imo ndani ya negativu yenyewe, kwa hiyo itajitokeza kwenye kila nakala. Hata skana zinazosafisha vumbi kwenye filamu kwa mwanga wa infraredi hazitaigusa, kwa kuwa mwanga huo huziona chembe na mikwaruzo iliyo juu ya filamu, lakini hupenya rangi za filamu bila kuzitambua. Tarehe ni rangi kama rangi nyingine yoyote ya picha.

Hata hivyo, kama negativu ipo na ina hali nzuri, iskani hiyo badala ya karatasi. Utapata undani zaidi kwenye sehemu za giza, na undani huo utakufaa utakapokuwa unajaza pengo la tarakimu.

Kwa nini nikiondoa tarehe bado kuna alama pale?

Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Karibu kila picha niliyoona imesafishwa vibaya ilikuwa na kosa hilohilo: mtu ameziondoa tarakimu lakini ameuacha ukungu wake.

Taa ile haikuchora mistari myembamba peke yake. Mwanga wake ulisambaa ndani ya filamu, ukaacha wingu laini la chungwa kuzunguka kila tarakimu. Ukiitazama picha yote kwa mara moja hulioni wingu hilo, kwa sababu jicho limeshikwa na tarakimu zinazong'aa. Zikishaondoka ndipo linajitokeza. Unabaki na kona yenye joto la ajabu, kama mtu ameipitisha karibu na moto. Mbaya zaidi, kama umejaza mistari ya tarakimu kwa rangi safi kutoka pembeni, sasa una tarakimu safi ndani ya wingu la chungwa, na tarehe inasomeka tena, safari hii kwa kijani.

Kwa hiyo fuata mpangilio huu: ondoa ukungu kwanza, tarakimu baadaye. Karibu kila mtu huanza na tarakimu, nami nilifanya hivyo kwa muda mrefu kabla ya kugundua kwamba nusu ya kazi yangu ilikuwa kurekebisha nilichokwisha kufanya.

Niiskani vipi picha kabla ya kuanza?

Picha ya sentimita 10 kwa 15 iskani kwa 600 dpi. Utapata faili ya takriban pikseli 2,400 kwa 3,600, na mstari mmoja wa tarakimu utakuwa na unene wa pikseli kadhaa, kiasi cha kuweza kuufuata kwa brashi. Zima mapambo yote ya skana, hasa lile linalonoa picha, kwa sababu hulizungushia kila tarakimu ukingo mweusi ambao si wa picha.

Hifadhi kama TIFF, si JPEG. JPEG hubana rangi kwa vipande vidogo vya mraba, na hutunza undani wa rangi kwa uangalifu mdogo kuliko undani wa mwanga na giza. Tarakimu ya chungwa kali juu ya majani ya kijani ikibanwa hivyo, wekundu wake huvuja hadi mwisho wa kila kipande, na ukungu uliokuwa laini unakuwa na kingo za pembe nne. Niliwahi kupeleka albamu nzima ya familia kuskaniwa nikarudishiwa JPEG ndogo zilizobanwa sana. Picha zilipendeza kwenye simu, lakini kona zote zilikuwa na viraka vya mraba, na ikabidi niziskani upya moja baada ya nyingine.

Ukishapata TIFF hiyo, usiiguse kamwe. Tengeneza nakala na ufanyie kazi nakala.

Natumia programu gani?

Nitaeleza kwa GIMP kwa kuwa ni ya bure na inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux. Anayetumia Photoshop atazikuta zana zilezile kwa majina yanayokaribiana. Majina ya menyu nimeyaandika kama yanavyosomeka kwenye GIMP ya Kiingereza.

Naomba mfano halisi, hatua kwa hatua.

Tuchukue picha moja niliyoisafisha. Bibi ameketi kwenye kiti, amevaa gauni la mistari, na mjukuu amekaa kwenye nyasi pembeni ya miguu yake, viatu vyeusi vimeelekea kamera. Kona ya chini kulia imeandikwa '93 8 22. Ile '93 imeangukia pindo la gauni, 8 na 2 ya kwanza zipo juu ya nyasi, na 2 ya mwisho imepanda juu ya ncha ya kiatu. Hapo tuna mandhari matatu tofauti, na kila moja linataka mkono wake.

Fungua nakala, kisha rudufu tabaka kwa `Layer > Duplicate Layer`. Fanyia kazi lile la juu. Hivyo wakati wowote unaweza kulificha ukaona ulikotoka.

Kabla ya kugusa kitu, angalia ubuluu peke yake. Fungua kidirisha cha `Channels` na uzime jicho la `Red` na la `Green`. Skrini itakuwa ya buluu tupu, na kwenye picha nyingi tarehe itafifia, pengine ipotee kabisa. Kwenye picha ya bibi, tarakimu za kwenye nyasi zilikuwa hazionekani kabisa, na juu ya kiatu nikauona mstari wa soli ukipita chini ya ile 2, mstari ambao kwenye rangi zote tatu ulikuwa umefunikwa. Huo ni ushahidi wa kilichokuwepo hasa, na nilipofika kwenye kiatu sikuhitaji kubuni. Washa macho yote tena.

Sasa ukungu. Anza na nyasi, kwa kuwa ni rahisi. Kwa `Free Select`, zungushia eneo la nyasi lenye wingu la chungwa, ukiacha gauni na kiatu nje. Kisha `Select > Feather`, weka pikseli 25 ili mpaka wa eneo ulilochagua uyeyuke polepole. Mpaka mkali utaonekana kama kiraka.

Chukua zana ya `Color Picker` na usome rangi mahali pawili: kwenye nyasi safi hatua chache kutoka kwenye tarehe, na kwenye nyasi zilizo ndani ya wingu, katikati ya tarakimu mbili. Kwenye picha hii nyasi safi zilikuwa na wekundu 84, ukijani 97, ubuluu 60. Ndani ya wingu: 131, 108, 62. Tazama jinsi namba zinavyokubaliana na yale tuliyosema juu ya filamu. Wekundu umepanda kwa 47, ukijani kwa 11, ubuluu kwa 2 tu.

Fungua `Colors > Curves`. Kwenye `Channel` chagua `Red`. Shika mstari karibu na 131 na uushushe hadi usawa wa 84. Badili kwenda `Green`, ushushe kidogo kutoka 108 hadi 97. Ubuluu uache. Mbele ya macho yako wingu litaondoka na nyasi zitarudi, zikiwa na kila jani na kila punje ya filamu mahali pake, kwa sababu hujapaka kitu juu yake. Umepunguza tu mwanga uliozidi. Tarakimu zenyewe bado zipo, zimepoa kidogo, na ni sawa.

Rudia vivyo hivyo kwa pindo la gauni, kisha kwa kiatu, kila moja na eneo lake na namba zake. Usijaribu kuyasawazisha yote matatu kwa pamoja. Wingu lilelile huonekana kali juu ya kitu cheusi na hafifu juu ya kitu cheupe, kwa sababu palipokuwa peupe filamu ilikuwa imeshapokea mwanga mwingi na ule wa tarehe haukuongeza kitu kikubwa. Kwenye kiatu cheusi ilibidi nishushe wekundu sana. Kwenye mistari myeupe ya gauni sikuhitaji kugusa karibu chochote.

Hapo ndipo tunakuja kwenye tarakimu.

Kuna `Clone` na `Heal`. Nitumie ipi kwenye tarakimu?

`Clone` inanakili pikseli kutoka mahali unapopaonyesha, bila kuzibadilisha. `Heal` inanakili umbile tu, kisha inalinganisha rangi na mwanga na vilivyo pembeni ya brashi. Hapo ndipo mtego wake ulipo: kama pembeni mwa brashi kuna chungwa iliyobaki, `Heal` itaichukua hiyo chungwa na kuichanganya. Watu huilaumu zana, kumbe kosa ni ukungu ambao haukuondolewa kwanza.

Kwenye nyasi, baada ya ukungu kuondoka, `Heal` inafanya kazi nzuri. Chagua brashi inayozidi kidogo tu unene wa mstari wa tarakimu. Shikilia `Ctrl` na ubofye nyasi safi zilizo karibu, kisha pita juu ya tarakimu kwa vipande vifupi. Badili mahali unaponakili kila baada ya miguso miwili au mitatu. Ukinakili sehemu ileile kila mara, jani moja litajirudia kama muhuri, na jicho la mtu hulikamata jani lililojirudia upesi kuliko unavyodhani.

Kwenye mistari ya gauni tumia `Clone`, kwa sababu `Heal` italainisha kingo za mistari hadi zionekane zimelowa maji. Weka `Alignment` iwe `Aligned`. Nenda juu kidogo kwenye mstari uleule wa kitambaa, mahali safi, na ubofye kwa `Ctrl` hasa pale rangi mbili zinapokutana. Kisha anza kupaka hasa pale rangi hizo mbili zinapokutana chini ya tarakimu. Mguso wa kwanza ukikaa sawa, yote yatakayofuata yatakaa sawa. Ukikosea kwa pikseli mbili, rudi kwa `Ctrl+Z` na uanze upya, usijaribu kulikarabati kosa. Nilikwenda mstari mmoja mmoja, na ile '93 peke yake ilinichukua muda kuliko tarakimu nyingine zote.

Kwenye kiatu nilianza na mstari wa soli, nikiufuata mahali ubuluu uliponionyesha, nikanakili kutoka kwenye sehemu ya soli iliyo pembeni. Ngozi nyeusi iliyo juu yake ikafuata. Nilishawishika kunakili ncha ya kiatu cha pili na kuigeuza, lakini jua lilikuwa likitoka kushoto, na mng'ao ungekaa upande usio wake.

Je, hakuna njia ya kubofya mara moja?

Ipo. Photoshop ina `Content-Aware Fill`, na GIMP inaweza kuongezewa programu-jalizi ya Resynthesizer, ambayo huleta `Filters > Enhance > Heal Selection`. Zote huangalia mazingira na kujaza pengo kwa vipande vinavyofanana. Kwenye nyasi, mchanga, zulia au ukuta wa kawaida huweza kukuokolea muda, ilimradi eneo ulilochagua limeufunika na ukungu pia au ukungu umeshaondolewa. Kwenye mistari, kingo za vitu na mikono huwa zinabuni, na ubunifu wake nisingeuweka kwenye picha ya bibi wa mtu.

Nina simu tu, sina kompyuta.

Programu kama Snapseed ina zana ya `Healing` ambayo utapitisha kidole juu ya tarakimu. Kuza picha kwanza hadi tarakimu moja ijaze skrini, na ondoa kipande kidogo kidogo badala ya kufuta tarehe yote kwa mpigo mmoja. Kwa tarehe iliyo juu ya ukuta au udongo inatosha. Kwa kona kama ile ya gauni na kiatu, haitoshi, na ningekushauri uisubirie kompyuta.

Nitajuaje kwamba nimemaliza?

Kwa macho ya kawaida hutajua, maana umeikodolea kona hiyo muda mrefu na jicho limeizoea. Fanya jaribio hili: fungua `Colors > Saturation` na upandishe rangi mara tatu hivi. Picha nzima itakuwa ya kutisha, lakini chungwa yoyote iliyosalia italipuka mbele yako. Kwenye picha ya bibi nilikuta ukanda mwembamba kati ya 8 na 2 ambao sikuuona kabisa kabla ya hapo. Kariri mahali ulipo, bofya `Cancel`, urekebishe, kisha jaribu tena.

Kisha geuza picha kushoto-kulia kwa `Image > Transform > Flip Horizontally`. Kona ikihamia upande mwingine utaitazama kama mgeni, na majani yaliyojirudia utayaona mara moja. Igeuze tena kabla ya kuhifadhi.

Si rahisi zaidi kuikata tu hiyo kona?

Wakati mwingine ndiyo. Piga hesabu kwanza. Kwenye picha ya sentimita 10 kwa 15, tarehe kwa kawaida iko chini kiasi kwamba utahitaji kukata kama sentimita moja. Ukitaka picha ibaki na umbo lake, kimo kikishuka hadi 9, upana lazima ushuke hadi 13.5. Sentimita moja na nusu za pembeni zaweza kuwa bega la mtu. Kama pembeni hakuna kitu, kata na uendelee na maisha. Kama kuna mtu, hata nusu ya mtu, usikate.

Tarehe imeangukia mkono au uso. Nifanyeje?

Ondoa ukungu kwa `Curves` kama nilivyoeleza, kisha tazama ubuluu. Ukiona vidole vizuri, unaweza kuendelea, polepole, kwa brashi ndogo. Usipoviona, simama. Kidole ulichokibuni si cha mtu yule, na watakaoitazama picha hiyo baadaye hawatakuwa na njia ya kujua. Mimi huiacha tarakimu hiyo moja mahali pake, ikiwa imepozwa rangi.

Je, tarehe yenyewe ni ya kuaminika?

Ni ya kuaminika kiasi cha aliyeiweka. Betri ilipokufa au kubadilishwa, kalenda ilirudi mwanzo, na kama hakuna aliyeirekebisha, sherehe ya mwezi wa Agosti ikaandikwa Januari. Angalia nguo na majani ya miti, na uwaulize waliokuwepo.

Mpangilio nao huchanganya. Alama ya ' huonyesha mwaka, lakini 8 7 '92 inaweza kuwa tarehe 7 Agosti au tarehe 8 Julai, kwa kuwa kamera nyingi zilimruhusu mwenyewe kuchagua kipi kitangulie. Tafuta picha nyingine za filamu ileile. Ukikuta hata moja yenye namba inayozidi 12, hiyo ndiyo siku, na mpangilio wa filamu nzima umejulikana.

Nikishaifuta, si nitapoteza kumbukumbu ya lini picha ilipigwa?

Utaipoteza, usipoiandika kwanza. Iweke ndani ya faili yenyewe ili isafiri na picha popote itakapokwenda. Kwa ExifTool, programu ya kuandika maelezo ndani ya faili za picha, ambayo pia ni ya bure, amri ni hii:

```
exiftool -DateTimeOriginal="1993:08:22 12:00:00" -ImageDescription="Tarehe iliyosomeka kwenye picha: '93 8 22" bibi.tif
```

Saa 12:00:00 nimeiweka kwa sababu sehemu hiyo inahitaji saa, si kwa sababu naijua. Maelezo ya pili yana uzito kuliko ya kwanza. Yanabeba tarakimu jinsi zilivyosomeka, bila tafsiri yangu, ili siku ikigundulika kwamba kalenda ya kamera ilikuwa imekosea, mtu aone ni nini hasa kilichokuwa kimeandikwa pale konani. ExifTool itaacha nakala ya faili ya awali yenye `_original` mwishoni mwa jina. Fungua picha, hakikisha tarehe imekaa, ndipo uifute nakala hiyo. Ile TIFF ya kwanza yenye tarehe ya chungwa ibaki kwenye folda yake, kando ya hii mpya.